63 kwa dakika 30, 72 kwa sekunde 15: usizikariri bila kuzielewa

Msomaji mmoja anayesomea teknolojia ya maziwa ameniandikia kwa uchungu. Anasema alizikariri namba zote za upasteurishaji, lakini mtihani ukamuuliza nini kitatokea joto likishuka kwa nyuzi moja, akabaki anatazama karatasi. Pole yake, ila swali ni la haki. Anayekariri namba bila kujua kinachoziunganisha atakwama hapo kila mara.

Jozi zenyewe za joto na muda ni hizi. Njia ya tangi, ambayo vitabu huiita LTLT, hupasha maziwa hadi 63°C na kuyashikilia hapo kwa dakika 30. Njia ya mkondo, HTST, hupitisha maziwa kwenye mabamba ya kubadilishana joto, yakafika 72°C na kushikiliwa sekunde 15 ndani ya bomba. UHT hupanda hadi kati ya 135 na 150°C kwa sekunde chache tu, kisha maziwa hufungwa katika pakiti zisizo na vijidudu. Hayo ndiyo maziwa yanayokaa rafuni miezi bila friji. Kwa krimu, au maziwa yaliyotiwa sukari, ongeza nyuzi 3 kwenye jozi mbili za kwanza, kwa sababu mafuta na sukari huwakinga bakteria na joto. Watahini wanaipenda sana hiyo nyongeza.

Jozi mbili za kwanza zinalenga adui yuleyule: Coxiella burnetii, bakteria wa homa ya Q, mgumu zaidi kwa joto kuliko wa kifua kikuu. Sasa tazama hesabu. Dakika 30 ni sekunde 1,800, na ukigawa kwa 15 unapata 120. Kwa hiyo tofauti ya nyuzi 9 imepunguza muda mara 120. Logi ya 120 ni karibu 2.08, gawa 9 kwa 2.08 upate nyuzi 4.3. Maana yake ni kwamba kila joto likishuka kwa nyuzi 4.3, muda unaohitajika huzidishwa kwa 10.

Turudi kwa yule msomaji. Joto limeshuka kutoka 72 hadi 71. Chukua 10 kwa kipeo cha 1/4.3, unapata takriban 1.7. Sekunde 15 mara 1.7 ni kama 25.5. Nyuzi moja tu, na bomba lililojengwa kwa sekunde 15 halitoshi tena. Ndiyo maana kipimajoto hukaa mwisho wa bomba la kushikilia, na vali ya kurudisha maziwa hufunguka yenyewe joto likipungua, maziwa yakarudi kwenye tangi la mabichi. Angalizo: hesabu hii inaeleza uhusiano wa jozi hizo mbili, haikupi ruhusa ya kujitungia jozi yako kiwandani. Hapo unafuata jozi iliyoidhinishwa.

Kosa jingine ni kudhani sekunde 15 ni wastani. Ni muda wa tone linalokimbia kuliko yote, na katikati ya bomba maziwa hukimbia zaidi kuliko pembeni. Kwenye tangi tatizo ni povu: likikaa juu ya maziwa hubaki la baridi, na bakteria waliomo hawafikiwi. Kwa hiyo hewa iliyo juu ya maziwa hupashwa pia, karibu nyuzi 3 zaidi ya kiwango cha chini cha maziwa yenyewe.

Utajuaje kazi imefanyika? Kwa fosfatase, kimeng'enya cha asili cha maziwa kinachokufa kwenye joto lililo juu kidogo tu ya lile linalomuua Coxiella. Weka mililita 5 za kitendanishi, ongeza mililita 1 ya maziwa, acha kwenye 37°C kwa saa 2, ulinganishe na sampuli ya maziwa yaliyochemshwa. Rangi ya njano ikitokea, fosfatase ingali hai: ama joto halikutosha, ama maziwa mabichi yamevuja na kuchanganyika. Kuvuja huko hutokea bamba likitoboka, na hasa shinikizo la upande wa mabichi likizidi la upande uliopasteurishwa. Kwa kawaida upande uliopasteurishwa ndio unaopaswa kuwa na shinikizo kubwa.

Kipimo cha pili ni laktoperoksidase, kimeng'enya kingine cha maziwa. Chenyewe hustahimili 72°C kwa sekunde 15, lakini hufa ikifikia 80°C kwa sekunde chache. Ukiona fosfatase haipo na peroksidase ipo, maziwa yalipasteurishwa sawasawa kwa HTST. Zote mbili zikikosekana, hayo yalipashwa kupita kiasi kinachohitajika. Zote zikiwepo, usijiulize mara mbili: rudisha maziwa, kagua kipimajoto, halafu fungua mabamba.