Maswali na majibu: mtoto akikueleza, nini kifuate shuleni?

Mwanafunzi wa darasa la tatu kaniambia bodaboda anayemleta shule humshika sehemu za siri. Nimwite huyo kijana nimwulize?

Usimwite. Atapata nafasi ya kumtisha mtoto au kutoroka. Na mtoto usimhoji, muulize tu "ikawaje?" kisha unyamaze. Ukiuliza "alikushika hapa?", kesho wakili atasema maneno ni yako. Usimwahidi siri pia, maana hutaiweka.

Siku hiyohiyo mweleze mwalimu wa dawati la ulinzi wa mtoto na mwalimu mkuu, na taarifa ifike kwa afisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka yeyote mwenye taarifa aitoe. Namba 116, simu ya msaada kwa mtoto, ni ya bure. Mzazi aarifiwe, mradi hahusiki, na jioni hiyo mtoto asipande pikipiki ile.

Kama kuna dalili ya kuingiliwa, hospitali kwanza: dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72. Asiogeshwe, na nguo zisifuliwe.

Tunaandika kwenye daftari la matukio la ofisini. Halitoshi?

Halitoshi, kwa sababu liko mezani na kila anayesubiri chaki analifunua. Kila mtoto awe na jalada lake kwenye kabati lenye kufuli. Daftari libaki na namba ya jalada tu. Andika hivi:

"Jumanne, saa 4:20 asubuhi, nje ya darasa. Alikuwa analia. Alisema: 'Anko wa pikipiki ananishika kwenye dudu.' Nilimuuliza: 'Ikawaje?' Alisema: 'Akasema nisimwambie mama.' Nimemwarifu mwalimu wa dawati saa 4:45."

Hilo "dudu" liache lilivyo. Ukiandika "alidhalilishwa kijinsia" umeshatoa hukumu, na maneno ya mtoto yamepotea. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja unaosomeka, weka saini. Usifute kwa wino mweupe.

Anayetuhumiwa akiwa mwalimu mkuu mwenyewe?

Mruke. Sera nyingi ninazozisoma zinakwamia hapa: "taarifa itolewe kwa mwalimu mkuu", nukta. Iandikwe njia ya pili: nenda moja kwa moja ustawi wa jamii au polisi, au piga 116. Na msikubali kikao cha kuyamaliza kifamilia kwa pesa. Hili ni kosa la jinai, mzazi hana mamlaka ya kulisamehe.

Masomo ya ziada jioni, kanuni ipi tuanze nayo?

Mlango wazi, na mwalimu asibaki na mwanafunzi mmoja peke yake. Asimtumie ujumbe kwenye simu, apitie kwa mzazi. Lakini mimi ningeanza na lile tunalolizoea mno: mwanafunzi asitumwe nyumbani kwa mwalimu kuchota maji wala kuosha vyombo, hata mke wa mwalimu akiwepo.