Nimtume nani?

"Nampenda dada mmoja wa mtaa wa pili, ila sijazoeana naye. Shangazi anamfahamu. Nimwombe anikutanishe naye? Naogopa maneno ya watu."

Kwanza msikilize shangazi yako akiongea mambo ya wengine. Akikusimulia ya ndoa ya jirani wakati anachambua mchele, na yako yatasimuliwa hivyo hivyo. Hapo tafuta mwingine, hata mke wa rafiki yako, mradi huyo dada hana deni kwake wala hamfanyii kazi, maana dada ataona vigumu kumkatalia mtu kama huyo.

Ukishampata, mpe maneno machache: "Muulize kama ana mtu, na kama angependa tuongee." Asimtajie mshahara wako, asimsifie tabia zako, na asitume namba ya dada kabla mwenyewe hajakubali. Ampe dada namba yako, basi. Dada akitaka atakupigia.

Mimi nilikosea hapo. Binamu yangu alituma picha yangu kwenye grupu la familia, na jioni mama mkwe mtarajiwa alikuwa ameshaanza kuuliza ukoo wangu. Binti mwenyewe hata salamu alikuwa hajanipa! Alikasirika, na haki yake.

Huyu unayemtuma usimwite mshenga. Mshenga anapeleka posa, na neno hilo likisikika tu, wazee wanaanza kuhesabu mahari.

Ikipita wiki mbili kimya, hilo ndilo jibu. Usimtume tena, na mkikutana dukani msalimie kama zamani.