Ukiangalia kipindi cha mwenzako andika alichosema, sio ulichojisikia

Wale mnaoanza maikrotichingi, yaani mazoezi ya kufundisha kipindi kifupi mbele ya wenzako, niwaambie kitu ambacho mimi nilichelewa sana kukijua. Mara ya kwanza nimekaa nyuma kumwangalia mwenzangu akifundisha niliandika hivi kwenye fomu: "Anajiamini, sauti nzuri, zana nzuri, aboreshe ushirikishwaji wa wanafunzi." Nikampa. Akasoma, akaniuliza, sasa niboreshe vipi, wapi sikuwashirikisha? Nikakosa jibu kabisa, maana hata mimi sikukumbuka, nilikuwa na hisia tu kwamba darasa lilipoa. Maoni ya namna hiyo unaweza ukayaandika hata kabla mtu hajaingia darasani.

Maikrotichingi yenyewe ilianzia Chuo Kikuu cha Stanford miaka ya 1960, kina Dwight Allen na wenzake, na wazo lilikuwa dogo tu: kipindi cha dakika chache, wanafunzi wachache, mbinu MOJA ya kufanyia mazoezi, unapewa mrejesho halafu unakirudia. Hapo kwenye kurudia ndipo wengi wanaruka, mtu anafundisha dakika zake 7, anapigiwa makofi, anakaa, anaitwa mwingine. Na kama hakuna kurudia basi maoni yako hayana pa kwenda ndo maana watu wanaandika chochote.

Kwahiyo kabla hajaanza muulize, leo nikuangalizie nini? Akikujibu "vyote tu" usikubali, mbane achague. Mwenzangu mmoja alichagua maswali, alikuwa anafundisha kujumlisha sehemu, 1/2 + 1/3, dakika 7, sisi sita ndo wanafunzi. Nikachora mstari katikati ya karatasi, kushoto muda, kulia maneno yanayotoka mdomoni, yake na ya darasa. Sikuandika neno hata moja la "vizuri" au "vibaya", we andika kama karani, na usijaribu kuandika kila kitu maana huwezi. Mimi nilichukua maswali tu, nani kajibu, na alichofanya mwalimu baada ya jibu.

Nilipohesabu yalikuwa maswali 14. Kati ya hayo 8 yalikuwa "tumeelewana?", "sawasawa?", "si ndiyo?", na darasa zima "ndiyooo". Mengine 4 yalikuwa ya kumalizia neno, "namba ya chini tunaiita asi...?" "liii!" Yalibaki 2 tu ambayo mtu alihitaji kufikiri. Na hakuna kati yetu aliyekuwa ameona hilo kwa macho, wote tulisema kipindi kilichangamka, maana kelele za ndiyooo zinachangamsha kweli.

Ila kilichokuwa na thamani zaidi kwenye karatasi ile ni mistari mitatu ya dakika ya 4. Mwalimu: "Nusu jumlisha theluthi tunapata ngapi?" Mwanafunzi: "Mbili ya tano." Mwalimu: "Hapana. Mwingine?" Akanyoosha mwingine akasema tano ya sita, akapigiwa makofi, tukaendelea.

Hapa niweke kando kidogo. Yule aliyesema mbili ya tano hakukosea kwa bahati mbaya, tulikuwa tumempa kikaratasi kabla chenye kosa hilo (kajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini). Fanyeni hivi, nawaambia, kwasababu watu wazima mkikaa kama wanafunzi wote mnajua jibu na mwalimu anatoka pale anadhani kafundisha vizuri kumbe kafundisha wanaojua. Kikaratasi kimoja au viwili vyenye makosa yale ambayo wanafunzi kweli wanayafanya vinatosha. Msigeuze maigizo lakini, kuna wenzetu wakiambiwa wawe wanafunzi wanaanza kupiga miluzi na kuomba ruhusa ya kutoka, hiyo haimsaidii mtu.

Sasa kwenye kutoa maoni. Mkae siku hiyohiyo, nyie wawili, na aanze kusema yeye. Mimi nilimuuliza tu, ile sehemu ya maswali wewe uliionaje? Akasema anaona yalikwenda vizuri. Sikumbishia, nikamsogezea karatasi nikamwambia soma dakika ya 4. Akasoma, akasoma tena, akacheka, akasema "kumbe yule nilimwacha na mbili ya tano yake!" Yaani alijipa maoni mwenyewe. Ningemwambia "hufuatilii majibu ya wanafunzi" tungebishana mpaka jioni, kwasababu hilo ni hukumu na kila mtu ana utetezi wake, ila maneno yaliyotoka mdomoni mwako mwenyewe na muda wake pembeni utayabishia vipi?

Baada ya hapo ndo pendekezo, na liwe moja, la kitu anachoweza kukifanya kesho. Usimwambie "uliza maswali fikirishi", mpe swali lenyewe. Tulikubaliana akisikia mbili ya tano aulize: "Mbili ya tano ni kubwa kuliko nusu au ni ndogo?" Ni ndogo. Sasa inakuwaje tuna nusu, tumeongeza kitu juu yake, halafu tukapata pungufu ya nusu? Hapo mwanafunzi anaona mwenyewe kuna tatizo bila kuambiwa hapana. Zile "tumeelewana" 8 nilizitaja kwa sentensi moja nikaziacha, angebeba mambo yote mawili asingefanya hata moja.

Kuna ule mtindo wa kusifia, kukosoa, kusifia tena. Mimi siupendi, mtu akishauzoea ukianza tu kumsifia anakaa mkao wa kusubiri "ila". Kama kuna kitu kizuri kionyeshe nacho kwa ushahidi, mfano mimi nilikuwa nimeandika kwamba alichora mistatili miwili ubaoni akaigawa vipande sita sita, na ni baada ya mchoro ule ndipo jibu la tano ya sita lilipokuja, huyo anajua kitu gani asikiache.

Mambo ya mavazi, mwandiko, lafudhi, kama hakuomba nyamaza. Isipokuwa akifundisha kitu ambacho si sahihi kimaudhui, hapo hata kama mlikubaliana maswali tu lazima umwambie, ila pembeni, si mbele ya kundi.

Alirudia kesho yake kwa wanafunzi wengine, dakika zilezile 7. Mbili ya tano ikaja, akauliza swali letu. Kimya. Mimi nikaangalia saa, akajibu mwenyewe kabla ya sekunde 2 kuisha. Alivyoona karatasi hakuamini, alidhani kasubiri muda mrefu, na si yeye peke yake, mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe alipopima madarasani alikuta walimu wengi wanasubiri kama sekunde 1 tu, na wakijitahidi kufika 3 majibu ya wanafunzi yanarefuka na wanaojitokeza wanaongezeka. Mara ya tatu tukapanga akishauliza anaweka chaki mezani na haishiki mpaka mtu anyooshe mkono. Safari hii nikaandika sekunde 5, halafu sauti ya nyuma, taratibu: "Mwalimu, sasa mbona imepungua?"