Opsheni ya dola 40 iliyoniachia hisa 100

Ukianza kununua opsheni za hisa za Marekani, utaambiwa kwamba hasara yako haiwezi kuzidi ulicholipa. Hilo ni kweli mpaka Ijumaa ya mwisho wa mkataba. Baada ya hapo huenda huna opsheni tena, una hisa.

Mwaka wangu wa kwanza nilinunua opsheni moja ya kununua, yaani haki ya kununua hisa kwa bei ya mkataba, hapa dola 180, kwa senti 40 kwa hisa. Mkataba mmoja ni hisa 100, kwa hiyo nililipa dola 40. Akaunti yangu ya marjini, yaani ile inayoruhusu kukopa kwa dalali, ilikuwa na dola 3,000. Ijumaa soko lilifungwa hisa ikiwa dola 180.25. Nikaona faida ni senti 25 tu, nikadhani opsheni itajifia yenyewe, nikalala.

Haikujifia. Utaratibu wa OCC, taasisi inayosimamia malipo ya opsheni zote za Marekani, ni kwamba opsheni iliyopita bei ya mkataba hata kwa senti moja hutekelezwa yenyewe, isipokuwa mwenye nayo akatae. Nilinunuliwa hisa 100 kwa dola 18,000. Jumatatu zilifunguka kwa 175. Dalali alinidai niongeze fedha au niuze. Nikauza kwa hasara ya dola 500, juu ya zile 40.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba habari mbaya ya kampuni ilitoka Ijumaa hiyohiyo, dakika chache baada ya soko kufungwa, na hisa ikaanza kushuka usiku uleule. Utekelezaji hufuata bei ya kufungia, si ile ya baadaye. Ningekuwa macho ningemwagiza dalali asitekeleze, kwa sababu mwisho wa kutoa agizo hilo ni saa 11:30 jioni ya New York, saa moja na nusu baada ya kufungwa. Kwa Nairobi na Dar es Salaam ni saa 6:30 usiku, au 7:30 wakati wa majira ya baridi ya New York. Madalali wengi hufunga dirisha hilo mapema zaidi, basi uliza wako mapema.

Opsheni ya kuuza, yaani haki ya kuuza hisa kwa bei ya mkataba, nayo ina hatari yake: usipokuwa na hisa, utaamka umeuza hisa 100 za kukopa, na zikipanda hasara haina kikomo.

Usitegemee dalali akufungie. Wengine huuza opsheni kabla soko halijafungwa wakiona akaunti haina fedha za kutosha, lakini hawawajibiki kufanya hivyo, na bei watakayoipata si ya kuchagua. Mimi siku hizi Ijumaa, kama nusu saa kabla ya soko kufungwa, naangalia kila opsheni iliyo karibu na bei ya mkataba, naiuza kwa kubonyeza `Sell to Close`, hata kama napata dola 20 tu.