Radhi tumeipokea, kitanda kinakuja lini? Barua ya kuchelewesha mzigo, ilivyokuwa na nilivyoiandika upya

Kwa miaka minne nilikaa kwenye meza ya wateja ya duka moja la samani hapa kisiwani Mombasa. Barua na ujumbe wote wa wateja ulipita mikononi mwangu. Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 14 Agosti 2023, aliingia mama mmoja wa Likoni, akafungua fundo kwenye pindo la leso, akatoa risiti yetu iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa ya kitanda cha futi sita kwa sita na kabati la milango mitatu, jumla shilingi 92,000. Arubuni alikuwa ametoa 50,000, na 2,500 nyingine za lori. Chini, kwa kalamu ya buluu, tulikuwa tumeandika: "Kupelekwa Alhamisi, 10 Agosti."

Halafu akanionyesha simu. Jumamosi, siku mbili baada ya tarehe yenyewe kupita, alikuwa amepata ujumbe huu kutoka kwetu:

"Mteja wetu mpendwa, tunasikitika kukuarifu kuwa mzigo wako umechelewa kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu. Tunafanya kila jitihada kuhakikisha unaupata haraka iwezekanavyo. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza. Asante kwa subira yako."

"Mwanangu," akaniambia, wala hakupaza sauti, "harusi ya binti yangu ni Jumamosi hii. Radhi nimeipokea. Kitanda kinakuja lini?"

Ujumbe ule niliuandika mimi, kwa kunakili uliotangulia, nao ulikuwa umenakiliwa kutoka kwa mwingine. Nikausoma tena pale pale, yeye akiwa amesimama mbele yangu, nikatafuta jibu la swali lake. Halimo.

Tazama kwanza vitenzi vyake. "Mzigo umechelewa," kana kwamba mzigo una miguu. Kiswahili kinatupa kitenzi kingine, kuchelewesha, na hicho hakikubali kusimama bila mtu aliyefanya: tumechelewesha. "Usumbufu uliojitokeza" nao ni vivyo hivyo, umejitokeza wenyewe. Na hilo neno "wowote" ndilo baya kuliko yote, maana linamwambia mama mwenye harusi ndani ya siku tano kwamba hatuna hakika kama amesumbuka. Kisha tunamshukuru kwa subira ambayo hatukumwomba naye hajakubali kuitoa.

Lakini kurekebisha vitenzi peke yake hakutoshi. Barua ya namna hii haiandikiki vizuri mpaka umepata mambo mawili nje ya barua: tarehe, na kitu cha kumpa. Nilimwekea mama kiti, nikaenda kuvitafuta.

Kontena letu lilikuwa bado bandarini Kilindini. Nikampigia wakala wetu wa forodha, akanijibu jibu la kawaida: "Jumatano linatoka." Zamani ningeichukua hiyo Jumatano na kumpelekea mteja, na hapo ndipo tulipokuwa tukiharibu. Tarehe ya wakala ni ya mambo yote yakienda sawa, tena ni tarehe ya kontena kutoka getini, si ya kitanda kufika Likoni. Safari hii nikamuuliza maswali matatu. Sasa hivi liko hatua gani? Hatua hiyo iko mikononi mwa nani? Na ikienda vibaya, litatoka lini?

Majibu yalibadilisha hesabu nzima. Ushuru ulikuwa umelipwa, lakini kontena lilikuwa limechaguliwa kwa ukaguzi wa mkono, yaani maofisa wa forodha walifungue, bidhaa zihesabiwe na kulinganishwa na hati. Siku ya ukaguzi ilikuwa haijapangwa. Wakala akakiri kwamba huenda ikawa Ijumaa, na likikaguliwa Ijumaa, kibali kinaweza kutoka Jumatatu ya tarehe 21. Kuanzia hapo nikahesabu yaliyo mikononi mwetu: Jumanne lori lilete kontena godauni kwetu Changamwe, Jumatano vijana washushe na kufungua maboksi waangalie kama kuna kilichovunjika, Alhamisi tarehe 24 tupeleke. Nikaongeza siku moja ya akiba. Ijumaa, 25 Agosti.

Tarehe hiyo ilimuuma meneja alipoiona. Alitaka tuandike "ndani ya siku tano hadi saba za kazi". Nilimpinga, na hadi leo naamini nilikuwa sahihi. Mteja hajui tunaanza kuhesabu siku ipi, wala kama Jumamosi yetu ni ya kazi. Atahesabu kwa namna inayompendeza, aifikie siku yake, tuwe tumevunja ahadi ya pili. Tarehe ya mbali iliyo kweli huuma mara moja tu. Tena iandike kwa jina la siku na tarehe pamoja, maana ukikosea moja mteja ataona hazilingani akuulize, na weka saa, ili asishinde nyumbani kutwa nzima akisikiliza honi ya lori.

Sasa kitu cha kumpa. Meneja akapendekeza punguzo la asilimia kumi kwa ununuzi wake ujao. Lakini huyu mama hakuwa amepungukiwa pesa, alikuwa amepungukiwa kitanda, kwa usiku wa Jumamosi, katika chumba cha biharusi. Punguzo la ununuzi ujao linamtaka aturudie ndipo afidiwe, wakati bado anatudai. Nilijiuliza swali moja tu: kuchelewa huku kumemkosesha nini hasa, na tunaweza kumrudishia hicho chenyewe? Pale mbele ya duka tulikuwa na kitanda cha maonyesho cha saizi ile ile, rangi imetofautiana kidogo. Kumwazima kungetugharimu safari moja ya lori na kivuko. Kumpoteza kungetugharimu mauzo ya 92,000, na arubuni tungerudisha vilevile. Meneja alipiga hesabu hiyo mwenyewe kwenye kikokotoo, akakubali.

Aliloshikilia zaidi ni sababu. "Sisi tuna kosa gani? Kontena liko bandarini." Nikamwonyesha risiti. Meli ilitarajiwa tarehe 2 Agosti na sisi tukamwandikia mteja tarehe 10, tukajiachia siku nane za kushusha, kulipa ushuru, kutoa na kupeleka, bila hata siku moja ya ukaguzi ambao kila mwagizaji wa Mombasa anajua unaweza kumwangukia. Ukaguzi si kosa letu. Kuahidi tarehe kana kwamba ukaguzi haupo, hilo ni letu. La pili lilikuwa letu pia: tangu tarehe 8 tulijua kontena limeshikwa, tukanyamaza mpaka tarehe 12. Barua ya kuchelewa iliyotumwa kabla ya siku ya ahadi humpa mtu nafasi ya kujipanga. Ikija baada yake, humkuta ameshaondoa kitanda cha zamani.

Hii ndiyo barua niliyomwandikia, nikamsomea, nikamtumia kwenye simu:

"Bi. (jina), shikamoo. Tumechelewesha kitanda na kabati lako ulivyopaswa kuvipata Alhamisi, 10 Agosti. Tuliahidi tarehe hiyo kabla kontena halijatoka bandarini, kisha tukachelewa kukuarifu. Tunakuomba radhi kwa yote mawili.

Kontena linasubiri ukaguzi wa forodha. Tutakuletea mzigo wako nyumbani Ijumaa, 25 Agosti, kati ya saa nne asubuhi na saa saba mchana.

Kwa kuwa harusi ni kabla ya hapo, Alhamisi hii, 17 Agosti, tutakuletea kitanda kingine cha futi sita kwa sita ukitumie bila malipo mpaka chako kifike. Shilingi 2,500 za lori tunakurudishia leo kwa M-Pesa. Kama hutaki kusubiri, tuambie tu, na arubuni yako yote 50,000 utaipata kabla ya kesho saa kumi jioni. Tusipofika tarehe 25, tutapunguza shilingi 1,000 kwenye salio lako kwa kila siku inayozidi.

Mimi ndiye ninayefuatilia mzigo wako. Nipigie kwa namba hii."

Utaona sababu imepewa sentensi moja fupi, nayo ipo kwa kuwa inaeleza tarehe ilikotoka. Nilikuwa nimeandika pia habari za gharama za kuhifadhi kontena bandarini siku za bure zikiisha, nikazifuta. Zilikuwa zinamwomba mteja atuonee huruma. Njia rahisi ya kupima sababu ni kuifunika kwa kidole usome barua iliyobaki. Kama mteja hakupoteza chochote anachohitaji kujua, ulikuwa unajitetea.

Utaona pia kwamba kurudishiwa pesa kumetajwa na sisi, si yeye aliyeomba. Wauzaji wengi huogopa hapo. Kwa miaka niliyokaa pale, waliochagua pesa walikuwa wale wale ambao wangekuja kuzidai hata hivyo, tofauti ikiwa tu kwamba wangekuja wamekasirika. Na usiandike fidia ambayo mwenye sanduku la pesa hajaikubali. Ile 1,000 kwa siku nilisubiri meneja aiwekee sahihi kabla ya kubonyeza kutuma.

Kuna wakati tarehe haipatikani kabisa, kwa mfano meli yenyewe haijafunga gati. Hapo usibuni. Ahidi kile unachokimiliki, yaani siku ya habari: "Tarehe ya mzigo bado sina. Nitakupigia Jumatano saa nne asubuhi, nikiwa na jipya au bila, na mpaka hapo arubuni yako unaweza kuichukua wakati wowote." Kisha piga kweli Jumatano saa nne. Mara moja sikuwa na jipya, nikaona haya kupiga, nikaacha. Saa sita mteja yule alikuwa amesimama mlangoni akitaka pesa zake, na alizipata.

Mama wa Likoni alichagua kitanda cha kuazima. Alhamisi lori lilivuka feri mapema, vijana wakakifunga wenyewe chumbani. Kontena lilikaguliwa Ijumaa kama wakala alivyohofia, mzigo wake ukamfikia Alhamisi tarehe 24, saa tano asubuhi. Alitia sahihi kwenye karatasi ya kupokea, akaangalia milango yote mitatu ya kabati kama inafunga, ndipo akawaambia vijana wabebe kile chetu.