Kuondoa masharti kwenye kadi ya kijani ya ndoa: ushahidi upi una uzito?

*Wakili, asalaam aleikum. Mume wangu ni raia wa Marekani. Tulioana Mombasa, nikaja Columbus, Ohio, na kupewa kadi ya kijani ya miaka miwili. Inaisha tarehe 14 Juni. Mkataba wa nyumba na akaunti ya benki ni vya jina lake peke yake. Mimi nafanya kazi ghalani na kila mwezi namtumia nusu ya kodi ya nyumba. Hatujajaaliwa mtoto. Anayetujazia fomu anasema tupeleke picha 200, barua kumi za mashahidi, na tufungue akaunti ya pamoja haraka. Itatosha?*

Waaleikum salaam, dada yangu. Haitoshi. Na ushahidi ulio bora kuliko huo wote umeutaja mwenyewe, tena kwa kupitia tu: ile nusu ya kodi ya nyumba unayomtumia mumeo kila mwezi.

Chukua taarifa zako za benki tangu mwezi wa kwanza ulipolipa, utie alama kila muamala uliokwenda kwake. Pembeni weka taarifa zake za miezi hiyo hiyo, zinazoonyesha pesa yako ikiingia na kodi nzima ikitoka kwenda kwa mwenye nyumba. Ofisa wa uhamiaji akisoma kurasa hizo anaona watu wawili wanaolipia paa moja, mwezi baada ya mwezi, kabla hata hamjaifikiria fomu I-751, ile ya kuomba kadi yako ya miaka miwili iondolewe masharti. Kanuni zinataka kuona mali na fedha zenu zimechanganyika. Hazisemi kwamba lazima zichanganyikie kwenye akaunti yenye majina mawili.

Kila wiki naletewa faili nene za picha. Wateja wangu wengi wanaamini ofisa atakuwa na shaka kama ndoa ilifungwa, kwa hiyo wanamletea harusi: nikaha, maharusi, mashangazi na leso zao. Lakini cheti cha ndoa ubalozi ulishakiona kabla hujapewa viza. Swali lililobaki ni kama siku ile mlikusudia kuishi mke na mume, na ofisa hulipima kwa namna mlivyoishi tangu mlipooana hadi mnapoleta maombi. Picha kumi na tano za nyakati tofauti, kila moja na tarehe na mahali nyuma yake, zinatosha kabisa. Zilizobaki zinamchosha tu msomaji, na karatasi muhimu zinapotea katikati yake.

Yenye uzito ni karatasi iliyoandikwa na mtu asiyefaidika na kadi yako, iliyoandikwa wakati jambo lenyewe likitendeka. Mkataba wa nyumba uko kwa jina la mumeo, sawa. Mwombe mwenye nyumba akuongeze kama mkaazi, na akupe barua inayosema umeishi hapo tangu tarehe gani. Leta hati zako za mshahara na leseni ya udereva, ikiwa unayo, zenye anwani ile ile. Kama bima yako ya afya inapitia kazini kwa mumeo, barua ya siku alipokuandikisha ni dhahabu. Vivyo hivyo bima ya gari yenye madereva wawili, au fomu ya akiba ya uzeeni ambayo amekuandika wewe kuwa mrithi wake. Kisha chora jedwali la miezi yote tangu ulipoingia, na kila mwezi uwe na karatasi moja ya makazi na moja ya fedha. Mwezi ulio mtupu ndio wa kutafutia.

Hiyo akaunti ya pamoja, ifungueni ikiwa mnaihitaji, lakini tarehe ya kufunguliwa itasomeka juu ya karatasi. Akaunti ya wiki mbili yenye dola 100 zilizolala tu haithibitishi ndoa, na inamfanya ofisa ajiulize kwa nini imefunguliwa sasa. Barua kumi nazo punguza ziwe mbili au tatu. Shahidi aape, aandike jina lake kamili, anwani, tarehe na mahali alipozaliwa, na aeleze alichokiona kwa macho yake: aliyekupokea uwanja wa ndege, au jirani aliyewapeleka hospitali usiku. Barua kumi zenye maneno yale yale, "nawafahamu na wanapendana sana", zinaonyesha kwamba mwandishi alikuwa mmoja. Na hata barua nzuri husimama pamoja na ushahidi mwingine. Peke yake haibebi maombi.

Hujaniambia kuhusu ritani zenu za kodi ya mapato, na hapo ndipo ninapoona watu wakiangamia. Ombeni nakala rasmi kutoka IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, ni bure, muangalie mliwasilisha kwa hadhi gani. Mwanandoa huweza kuwasilisha pamoja na mwenzake, au kila mtu peke yake kama mtu aliyeoa au kuolewa. Lakini wako waandaaji wanaomwandika mume "hana mke", au "mkuu wa kaya", ili marejesho yawe makubwa. Mtu mwenye ndoa anayejiita mkuu wa kaya anaiambia serikali kwamba mwenzake hakuishi nyumbani humo miezi sita ya mwisho ya mwaka. Sasa wewe unaiandikia serikali hiyo hiyo kwamba mliishi pamoja! Mkikuta kosa hilo, lirekebisheni kwa fomu 1040-X kabla ya kutuma I-751, na ambatisheni nakala ya marekebisho.

Dirisha lako linafunguka siku 90 kabla ya kadi kuisha, yaani tarehe 16 Machi. Ukituma kabla ya hapo maombi yatarudishwa. Ikipita tarehe 14 Juni hujatuma, hadhi yako inakoma yenyewe na unaweza kuitwa mbele ya jaji wa uhamiaji. Mkishatuma, risiti ya USCIS, idara ya uhamiaji, kwa sasa inaongeza muda wa kadi kwa miezi 48. Itembeze pamoja na kadi iliyoisha, kazini na safarini.

Kuhusu hao wajazaji wa fomu, nawaambia wasomaji wote. Mwaka jana nilimpokea mama mmoja ambaye mumewe alimpa talaka na kuhama nyumba miezi mitatu kabla ya kadi kuisha. Mjazaji alimwambia bila saini ya mume amekwisha, kisha akaitia saini hiyo yeye mwenyewe. Sheria ilikuwa imempa njia iliyo wazi: aliyeachika, aliyefiwa, aliyepigwa au kunyanyaswa na mwenzake, anaweza kuomba peke yake kwa fomu hiyo hiyo I-751, na halazimiki kusubiri zile siku 90. Alihitaji kuthibitisha kwamba aliolewa kwa nia njema, na karatasi za kutosha alikuwa nazo. Badala yake tulikaa miezi tukieleza saini ya kughushi. Ndoa kuvunjika si udanganyifu. Lakini ofisa akishaamua kwamba ndoa yenyewe ilikuwa ya kutafutia makaratasi, ombi lolote la viza atakalowekewa mtu huyo na mwenzi mpya au ndugu baadaye hukataliwa, na hakuna idadi ya miaka inayolifuta hilo.

Ushauri wa sheria ya uhamiaji hapa hutolewa na wakili, au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria, ambao wapo kwenye mashirika ya hisani na wengi hutoza kidogo. Mwisho wa I-751 pana sehemu ambayo aliyeiandaa fomu kwa niaba yako huandika jina lake, anwani na kutia saini. Mwombe huyo anayewajazia fomu aijaze mbele yako. Akikataa, chukua karatasi zako uondoke nazo siku hiyo hiyo.