Masta au saiti kwanza?

"Nina digrii ya uhandisi ujenzi, nina mwaka mmoja saiti Dodoma. Nisome masta sasa au nifanye kazi miaka mitatu zaidi?"

Mdogo wangu, baki saiti. Bodi ya Usajili wa Wahandisi inataka uzoefu wa kazi wa angalau miaka mitatu chini ya msimamizi aliyesajiliwa kabla ya kukutambua kama mhandisi mtaalamu, na masta haichukui nafasi ya usajili huo. Ila miaka yenyewe iwe na kitu: ukikabidhiwa kuhesabu saruji stoo mwaka mzima, omba kuhamishiwa usanifu. Andika kumbukumbu za kazi, msimamizi azisaini mapema, maana akihama utahangaika. Kama unalenga uhadhiri, hapo masta haikwepeki, anza sasa.